Diski ya baza ukutani: inachoweza kukuambia baruti inapolipuka, na isichoweza

Kolwezi ina komuni mbili, Dilala na Manika, na migodi yake ya wazi iko karibu na makazi kuliko ilivyo katika miji mingi ya madini. Baruti ikilipuliwa, vioo vya madirisha hulia, sahani hugongana kabatini, na mwenye nyumba hutazama ufa ukutani akijiuliza kama ulikuwapo jana. Anachotaka kujua ni kipimo: ukuta ulitikisika kiasi gani?

Kifaa rahisi kuliko vyote kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme hakikosekani kwa fundi wa redio. Ni diski ya baza, ile sahani nyembamba ya rangi ya dhahabu yenye duara jeupe katikati, inayolia ndani ya saa za mezani, kengele za mlango, vichezeo na alamu za pikipiki. Wanafunzi wa ufundi hupenda kuibandika ukutani na kuiita kipimo cha mtetemo. Kuna ukweli katika jina hilo, na kuna udanganyifu. Ili kuvitenganisha lazima ujue kinachotokea ndani ya lile duara jeupe.

Sahani ya nje ni shaba iliyochanganywa na zinki. Duara jeupe ni kauri iitwayo PZT, iliyookwa kutokana na oksidi za risasi, zirikoni na titani, kisha ikapakwa fedha juu ili waya upate pa kushika. Kauri hiyo haipitishi umeme. Hata hivyo, ukiiweka katikati ya sahani mbili zenye volti, haikai kimya. Atomu zake zina chaji chanya na hasi. Zile chanya husogea kidogo sana kuelekea upande hasi, na zile hasi huvutwa upande wa pili. Hakuna chaji inayovuka, ila kila upande wa kauri sasa una ncha yake ya umeme. Huko kutokea kwa ncha ndiko polaraizesheni, na kitu chochote kinachofanya hivyo bila kupitisha umeme huitwa dielektriki.

Dielektriki hazilingani. Pemitiviti ni kipimo cha jinsi kitu kinavyokubali kupata ncha hizo, kikilinganishwa na utupu. Hewa ni takriban 1, plastiki nyingi ni 2 hadi 3, kioo cha kawaida ni 5 hadi 10, na maji ni karibu 80. Kauri ya PZT hufikia 1,000 hadi zaidi ya 3,000, kwa sababu katika kila chembe ya fuwele yake ioni ya titani au zirikoni haikai katikati kabisa; ina nafasi ya kuyumba, na volti kidogo tu huisogeza.

Jambo hili unaweza kulipima mwenyewe kwa multimita yenye sehemu ya kapasita. Chukua diski ya milimita 27, aina inayopatikana kwa wingi. Kauri yake ina kipenyo cha karibu milimita 20 na unene wa karibu milimita 0.2. Eneo la duara hilo ni mita za mraba 0.000314. Kanuni ya kapasita ni hii:

C = εr × ε0 × A / d

ε0 ni 8.85 × 10⁻¹² faradi kwa mita. Kama katikati pangekuwa na hewa tupu, yaani εr = 1, C ingekuwa pikofaradi 14 tu, kiasi ambacho waya za multimita peke yake zingetosha kukivuruga. Lakini ukipima diski nzima utaona karibu nanofaradi 20, pengine 15, pengine 26, maana viwanda huachilia tofauti kubwa. Gawanya nanofaradi 20 kwa pikofaradi 14 nawe utapata kama 1,430. Hiyo ndiyo pemitiviti ya kauri uliyoishika, imetoka kwa rula na multimita.

Mpaka hapa tuna kapasita nzuri tu. Kinachoifanya diski ihisi kubonyezwa ni kitu kingine, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Kauri ikitoka tanurini ni mkusanyiko wa punje ndogo zisizohesabika, na ndani ya kila punje ncha za umeme zimeelekea upande wake, kama abiria waliojazana kituoni, kila mmoja akitazama njia yake. Ukiibonyeza, punje moja itatoa chaji chanya juu, jirani yake itaitoa chini, na jumla itakuwa sifuri. Kwa hiyo kiwandani kauri hutumbukizwa katika mafuta ya moto na kuwekewa uga wa umeme wa karibu kilovolti 2 hadi 3 kwa kila milimita ya unene. Ncha nyingi hugeuka kuufuata uga huo. Kisha kauri hupozwa volti zikiwa bado zimewashwa, na zinapozimwa, sehemu kubwa ya mpangilio hubaki. Tangu hapo kila mkandamizo husogeza ncha zote upande mmoja, na chaji hujitokeza juu ya fedha. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliliona jambo hili mwaka 1880 katika fuwele za asili kama kwatsi, ambazo mpangilio wao haukuhitaji tanuri wala volti. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: ukiipa fuwele volti, hubadilika umbo. Hicho kinyume ndicho kinachoifanya baza ilie.

Kwa hiyo diski ina sifa mbili zinazohitaji vipimo viwili. Pemitiviti hupimwa kwa kapasita. Mpangilio wa ncha hupimwa kwa kubonyeza: weka multimita kwenye milivolti za DC, unganisha waya zote mbili, laza diski juu ya kitambaa kilichokunjwa, na uibonyeze polepole katikati kwa kijiti cha mbao. Diski nzima itaonyesha namba upande mmoja, chanya au hasi, kisha itarudi karibu na sifuri ukiwa bado umebonyeza. Ukiachia, namba itaruka upande wa pili. Kugeuka huko kwa alama ndiko kunakokuhakikishia kwamba unaona kauri ikifanya kazi, si kelele za umeme wa nyumba. Usitumie kidole, kwa sababu PZT huhisi joto pia. Ukiipumulia tu, utaona namba zikitambaa polepole bila mtu kuigusa.

Sasa fikiria fundi aliyelehemu waya mpya juu ya duara la fedha. Chuma chake kina nyuzi 350 za Selsiasi. Kila aina ya PZT ina joto la Curie, ambapo mpangilio wa ncha huvurugika kabisa. Kwa aina laini ni karibu 200, kwa nyingine hufika 300 na zaidi, na kuharibika huanza mapema kabla ya kufika huko. Fundi akikaza chuma mahali pamoja kwa sekunde kumi, diski inapoa ikiwa nzima kwa macho. Atapima kapasita na kuona nanofaradi 19, aseme ni nzima. Akiibonyeza haitoi kitu, au inatoa robo ya ilivyokuwa. Pemitiviti imebaki kwa sababu ioni bado zinayumba. Kilichopotea ni kuelekea kwa ncha upande mmoja.

Kuna hitilafu ya pili inayoonekana kinyume chake. Diski iliyoanguka au kukunjwa hupata ufa, na sehemu ya fedha hutengana na waya. Hapo kapasita hushuka, tuseme kutoka 20 hadi 12, lakini kipande kilichobaki bado kinaitika kikibonyezwa. Ukiwa na namba zote mbili unajua ugonjwa ni upi. Kuipanga upya kauri iliyoungua kunahitaji mamia ya volti za DC na mafuta ya moto; usijaribu hilo nyumbani. Nunua diski iliyokuja na waya wake, na kama lazima ulehemu, gusa kwa sekunde moja au mbili kisha acha ipoe. Usiikate wala kuisaga: zaidi ya nusu ya uzito wa PZT ni risasi, na vumbi lake halifai kuingia mdomoni, hasa kwa watoto.

Tuirudishe ukutani. Chaji iliyojitokeza juu ya fedha haikai. Inavujia ndani ya chombo chochote kinachoisoma, na muda wa kuvuja ni kapasita mara ukinzani wa chombo hicho. Multimita nyingi za kidijitali zina megaohmu 10. Nanofaradi 20 mara megaohmu 10 ni sekunde 0.2: baada ya muda huo imebaki kama theluthi moja ya chaji. Ndiyo maana namba ilirudi sifuri ulipokuwa bado umebonyeza. Kwa lugha ya mitetemo, chochote kilicho chini ya takriban hezi 0.8 hufifia. Hilo halitusumbui, maana ardhi iliyotikiswa na baruti hucheza zaidi kati ya hezi 5 na 50, na karibu sana na mgodi hupita hapo.

Taabu inaanza mtu anapochomeka diski kwenye tundu la maikrofoni la simu ili arekodi. Ukinzani wa tundu hilo ni kiloohmu chache tu. Chukua 2.2: chaji inavuja ndani ya sehemu ya elfu ya sekunde, na kila kitu kilicho chini ya hezi 3,600 hivi kinapunguzwa, hezi 10 zikipunguzwa mara mamia. Mtikisiko wa ardhi unapotea, huku mgongano wa kijiko jikoni ukionekana mkubwa. Rekodi itakuwa na mistari mirefu ya kutisha, na haitakuwa imepima baruti hata kidogo. Ni afadhali kuacha kuliko kupeleka rekodi ya namna hiyo mbele ya chifu wa kartie au kampuni. Anayetaka kurekodi kwa haki anahitaji kikuza chenye mlango wa FET, mfano TL072, na rezista ya megaohmu 10 sambamba na diski.

Hata ukifanya hivyo, kuna hesabu moja inayoamua kila kitu. Wataalamu wa milipuko hupima kasi ya juu kabisa ya chembe za ardhi, kwa milimita kwa sekunde. Kiwango cha Ujerumani kiitwacho DIN 4150-3, kinachotajwa mara nyingi katika kazi za migodi, kinasema kwa nyumba za kuishi kwamba kwenye msingi, mtetemo ulio chini ya hezi 10 ukiwa hauzidi milimita 5 kwa sekunde hautarajiwi kuleta madhara, hata nyufa za plasta. Kati ya hezi 10 na 50 kikomo hupanda kutoka 5 hadi 15, na kutoka hezi 50 hadi 100 hupanda kutoka 15 hadi 20. Si sheria ya Kongo, na jedwali lilitungwa kwa nyumba za Ujerumani, si za tofali zilizochomwa uani na kujengwa bila nguzo. Lakini linatupa mahali pa kuanzia.

Chukua basi milimita 5 kwa sekunde kwa hezi 10. Mchapuko wake ni 2π mara 10 mara 0.005, yaani 0.31 m/s², kama sehemu ya 30 ya mvutano wa dunia. Gundisha juu ya diski bolti ya gramu 20. Kwa mchapuko huo, bolti itaikandamiza kauri kwa nguvu ya nyutoni 0.006. PZT ya kawaida hutoa takriban pikokulombi 300 kwa kila nyutoni, kwa hiyo tunapata karibu pikokulombi 2. Gawanya kwa nanofaradi 20: milivolti 0.1. Waya za umeme za nyumbani peke yake huingiza kelele zaidi ya hiyo. Hapa pemitiviti kubwa tuliyoisifu inageuka mzigo, maana chaji ile ile ikitandazwa juu ya kapasita kubwa hutoa volti ndogo. Kiwashio cha gesi hufanya kinyume: kauri yake ni ndefu na nyembamba, kapasita yake ni ndogo sana, na pigo moja la nyundo hutoa volti elfu kadhaa zinazoruka kama cheche.

Unaweza kuongeza volti kwa kushika diski ukingoni na kuning'iniza uzito katikati, ili kauri ipinde badala ya kubanwa. Inaitika vizuri zaidi, mara nyingi zaidi. Lakini kiasi hutegemea gundi, ukingo, uzito na joto la siku, na diski mbili zilizotoka mfuko mmoja hazitatoa jibu moja. Jua la alasiri kwenye ukuta wa magharibi litasogeza namba bila baruti yoyote. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba diski ya nyumbani haipimi ukubwa wa mtikisiko, na namba yake isiandikwe kwenye malalamiko.

Kinachobaki kina faida yake: inajua saa. Mlipuko hutuma mawimbi mawili. Lile la ardhini hukimbia kilomita kadhaa kwa sekunde kwenye mwamba, na la hewani hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Diski iliyobandikwa kwenye sakafu ya saruji, ikisomwa na kikuza kinachofaa, itaonyesha mtikisiko wa kwanza, kisha wa pili. Kwa kila kilomita kutoka kwenye mlipuko, pengo kati yao ni karibu sekunde 3. Ukiwa na pengo la sekunde 4 hadi 5, mlipuko uko umbali wa kilomita moja na nusu hivi, na unaweza kukisia ni shimo gani. Pengo hilo linakuambia pia jambo wengi wasilolijua: vioo vinavyolia kwa kelele mara nyingi hutikiswa na wimbi la hewa, ambalo msingi wa nyumba haukulihisi. Ndiyo maana wapimaji huweka kipimo cha ardhi na maikrofoni pamoja, wala hawachanganyi namba hizo mbili.

Kauri hii hii ikitengenezwa kwa uangalifu hufanya kazi ya kuaminika. Kwenye pampu, vinu vya kusagia mawe na feni za viwanda vya shaba, kihisi cha mtetemo huwa kauri iliyobanwa chini ya uzito uliopimwa, ndani ya kikopo cha chuma cha pua, na kikuza kidogo humo humo ili chaji isisafiri kwenye waya mrefu. Aina ya kawaida hutoa milivolti 100 kwa mchapuko sawa na mvutano wa dunia. Mlipuko wetu wa mfano ungetoa milivolti 3, zinazosomeka. Kihisi hicho kinapendwa kwa mashine kwa sababu beringi inayoanza kuharibika hutetema kwa mamia na maelfu ya hezi, sehemu ambayo kauri ina nguvu zake zote. Kwa ardhi, vyombo vingi vya kupimia baruti hutumia koili na sumaku, si kauri, kwa kuwa koili husoma kasi ya mwendo moja kwa moja na hezi za chini haziisumbui sana.

Kwa mafundi wa magari ya dizeli, neno moja la pembeni. Baadhi ya injini zina nozeli zinazofunguliwa na mamia ya tabaka nyembamba za PZT zilizorundikwa. Zikipewa volti zaidi ya 100 hurefuka kama sehemu ya 25 ya milimita, na hiyo inatosha kuachilia mafuta. Tabaka hizo ni kapasita kama diski yetu. Ukichomoa waya injini ikiwa inanguruma, chaji hubaki ndani na nozeli inaweza kubaki wazi ikimwaga mafuta mpaka pistoni iharibike. Zima injini, subiri, kisha ndipo uguse.

Na kwa mwenye nyumba wa Dilala mwenye ufa ukutani: piga picha ufa huo leo, rula ikiwa kando yake na tarehe ikionekana, kisha uandike saa ya kila mlipuko. Unapodai kipimo, dai chombo cha pande tatu kilichowekwa kwenye msingi wa nyumba yako, si kwenye lango la mgodi. Dai karatasi yenye kasi kwa milimita kwa sekunde na hezi zake, kwa sababu kasi bila hezi haisomeki kwenye jedwali lolote. Dai pia tarehe ya mwisho ambayo chombo kilihakikiwa. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka, kataa karatasi hiyo na uombe nyingine.